Bajeti ya ghorofa: lindo, lifti na akiba, kila kimoja na hesabu yake

“Mwenyekiti, pale getini tunamwona mlinzi mmoja. Mbona tunalipia wanne?”

Ni vigumu kupata kikao cha wamiliki wa nyumba za ghorofa Dar es Salaam ambacho swali la aina hii halikuulizwa. Anayeuliza ana haki ya kuuliza. Amepewa karatasi yenye mstari mmoja, “ada ya huduma”, na kiasi anachotakiwa kulipa kila mwezi. Hajui ni shilingi ngapi zinakwenda kwa mlinzi, ngapi kwa fundi wa lifti, wala kama ipo hata moja inayowekwa kwa ajili ya siku rangi ya nje itakapobanduka.

Tangu Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008, mtu anaweza kumiliki nyumba yake ndani ya jengo kwa hati, huku ngazi, paa, lifti na uwanja vikibaki mali ya wote. Mali ya wote ina gharama za wote. Ugumu ni kwamba gharama hizo hazifanani tabia. Mshahara wa mfanya usafi unajulikana tangu Januari. Lifti inaweza kukaa miezi sita bila kudai kitu, kisha ikadai mamilioni kwa siku moja. Rangi ya nje haidai chochote kwa miaka kadhaa. Zikichanganywa kwenye akaunti moja, ile inayodai leo hula fedha za ile itakayodai kesho.

Tuchukue jengo la mfano lililopo Upanga, lenye ghorofa nane, lifti moja na nyumba 24. Nyumba 16 zina mita za mraba 80 kila moja, na nane zina mita 120. Jumla ni mita 2,240, na kila mmiliki anachangia kwa ukubwa wa nyumba yake. Bei zilizotumika hapa ni za kukadiria, na kila kamati itaweka za kwake. Kinachotakiwa kufuatwa ni njia ya kuzifikia.

Tuanze na yule mlinzi. Lindo moja la saa 24 lina saa 168 kwa wiki, sawa na saa 8,736 kwa wiki 52 za mwaka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki na likizo ya mwaka ya siku 28. Mtu mmoja, likizo ikishaondolewa, anabaki na wiki 48 za kazi, yaani saa 2,160. Gawanya 8,736 kwa 2,160, unapata wanne na kidogo, kabla hujahesabu siku za kuugua. Kwa hiyo anayeonekana getini ni mmoja, lakini wanaolijaza lindo hilo mwaka mzima ni wanne.

Hesabu hii ndiyo inayofichua zabuni ya bei ya kutupa. Kampuni ikiahidi kulijaza lindo hilo kwa watu wawili, maana yake kila mmoja anakaa saa 84 kwa wiki. Mtu huyo atalala usiku, na haitakuwa haki kumlaumu. Kamati iombe ratiba ya zamu yenye majina ya walinzi kabla ya kusaini, kisha iilinganishe na daftari la getini baada ya mwezi mmoja.

Kuna shimo jingine hapo hapo. Katika mfano wetu kampuni inataka shilingi 1,700,000 kwa mwezi, na chini ya barua kumeandikwa kwa herufi ndogo kwamba VAT haijajumuishwa. Kwa asilimia 18, bei halisi ni 2,006,000, au 24,072,000 kwa mwaka. Kamati iliyoandika bei ya juu ya barua imeanza mwaka na pengo la zaidi ya shilingi milioni tatu na nusu. Pengo hilo litazibwa kwa fedha zipi? Kwa kawaida ni zile ambazo hakuna anayezidai siku hiyo, yaani akiba.

Usafi ni rahisi zaidi kukadiria: mishahara ya watu wawili, mchango wa mwajiri wa NSSF, mtu wa kushika nafasi wakati wa likizo, sabuni na mifagio, uzoaji wa taka, kuosha matangi ya maji na kupuliza dawa ya wadudu. Tuseme shilingi milioni 12. Lakini mkataba wa usafi una sentensi moja ambayo thamani yake inaonekana kwenye hesabu ya lifti: sakafu mbele ya mlango wa lifti ipigwe deki kwa kitambaa kilichokamuliwa, isimwagiwe ndoo ya maji. Maji yakimwagwa pale hupita kwenye reli ya chini ya mlango, hutiririkia kwenye njia ya lifti na kulowesha viunganishi vya umeme vya milango, kisha hutuama shimoni chini kabisa. Mchanga wa viatu nao hujaa kwenye reli hiyo, mlango ukashindwa kufunga sawasawa, na lifti isiyothibitisha kwamba mlango umefungwa haiondoki.

Lifti yenyewe inahitaji kuandikwa kwa vipande. Katika jengo letu, mkataba wa matengenezo ya kila mwezi ni 4,200,000 kwa mwaka, vipuri vimetengewa kiasi hicho hicho, ukaguzi wa mtaalamu asiye mwajiriwa wa kampuni hiyo ni 600,000, na umeme wa lifti ni 3,000,000. Jumla ni milioni 12.

Wamiliki wengi huamini kwamba wakishalipa mkataba wamemaliza. Inategemea ni mkataba gani. Ule wa kawaida unalipia fundi kuja, kusafisha, kulainisha kwa grisi na kurekebisha. Kifaa kikiungua, bili inakuja peke yake. Ule mpana hujumuisha vipuri, ila una orodha ya vilivyoachwa nje, na mara nyingi humo utakuta uharibifu wa maji na wa umeme unaopanda na kushuka. Kwa mji wenye masika ya Dar es Salaam na kukatika kwa umeme, hayo mawili ndiyo yanayoharibu bodi za kielektroniki. Ndiyo maana kasma ya vipuri inabaki hata mkataba ukiwa mnono.

Mwaka ukiisha, kadi ya matengenezo iliyopo kwenye chumba cha mashine au kwenye kabati la mitambo inasema mengi. Kama hitilafu ya mlango imeandikwa kila mwezi na dawa yake kila mara ni “imerekebishwa”, jengo linalipia ziara, si matengenezo. Na kama kamba za chuma zinazobeba lifti hazijawahi kupimwa unene, kamati idai vipimo. Kamba ya milimita 10 iliyokonda hadi 9 imepoteza sehemu ya kumi ya kipenyo chake na imefika mwisho wa kazi.

Hapo tunaingia kwenye mfuko wa akiba, kwa sababu kamba mpya si vipuri vya mwaka. Akiba haipangwi kwa kusema “tuweke asilimia fulani”. Mtu hutembea jengo zima na kuandika kila kitu kikubwa kitakachokufa, bei ya kukibadilisha leo, na miaka iliyobaki. Jengo letu lina umri wa miaka 10 na halikuwahi kuweka kitu. Rangi ya nje itagharimu milioni 28 baada ya miaka minne, hivyo milioni 7 kwa mwaka. Kuziba paa lisivuje ni milioni 24 baada ya miaka sita, hivyo milioni 4. Kamba za lifti ni milioni 9 na pampu za maji milioni 6, zote baada ya miaka mitano, hivyo milioni 3 kwa pamoja. Lifti nzima ni milioni 120 baada ya miaka 15, hivyo milioni 8. Jumla inakuwa milioni 22 kwa mwaka, na inarudiwa kila mwaka kwa bei mpya, kwa sababu bei ya rangi haitasubiri.

Ongeza mstari wa mengineyo, yaani bima, umeme wa pampu na ngazi, dizeli ya jenereta na ukaguzi wa hesabu, wenye shilingi 8,328,000. Bajeti nzima inafika 78,400,000, sawa na shilingi 35,000 kwa kila mita ya mraba kwa mwaka. Mwenye mita 120 analipa 350,000 kwa mwezi. Mwenye mita 80 analipa 233,333, ambazo karatasi yake inazigawa hivi: ulinzi 71,643, akiba 65,476, usafi 35,714, lifti 35,714 na mengineyo 24,786.

Akiba ndiyo ya pili kwa ukubwa, na ndiyo ya kwanza kukatwa kikaoni. Bila hiyo, mwenye mita 80 angelipa chini ya 168,000, na mikono yote ingeinuka. Baada ya miaka minne ukuta unabanduka, fundi anataka milioni 28, na mmiliki yule yule anatakiwa kutoa milioni moja kwa mkupuo. Jirani aliyeuza mwaka wa tatu alitumia rangi hiyo miaka yote na hakuacha hata shilingi.

Mfano wa uchungu zaidi uko Surfside, Florida. Champlain Towers South, jengo la ghorofa 12 lililojengwa mwaka 1981, lilikuwa limeandikiwa ripoti ya mhandisi ya uharibifu wa zege mwaka 2018. Wamiliki walibishana kwa miaka kuhusu fedha, kwa sababu akiba ilikuwa ndogo mno mbele ya kazi iliyokuwapo. Mwaka 2021 walikubali mchango maalumu wa takriban dola milioni 15. Tarehe 24 Juni mwaka huo sehemu ya jengo iliporomoka usiku na watu 98 wakafa. Sababu za kihandisi ni jambo jingine, lakini Florida ilibadilisha sheria mwaka uliofuata, ikayalazimisha majengo ya makazi ya pamoja ya kuanzia ghorofa tatu kupima mahitaji ya akiba ya sehemu zinazolibeba jengo. Singapore na jimbo la New South Wales nchini Australia sheria zao zinataka mfuko wa matumizi ya mwaka na mfuko wa kazi kubwa viwe viwili.

Kwa Upanga, hatua ya kwanza ni akaunti ya pili ya benki, yenye watia saini watatu na masharti kwamba fedha hazitoki bila azimio la kikao. Kuikagua hakuhitaji mhasibu: chukua salio la mwanzo wa mwaka, ongeza michango ya akiba, toa kazi zilizoidhinishwa. Kama wamiliki walichangia milioni 22, hakuna kazi iliyofanyika, na salio limepanda kwa milioni 12 tu, basi milioni 10 zimemlipa mlinzi au zimefunika madeni ya wasiolipa. Madeni hayo yaonyeshwe kwenye ukurasa wao, kwa namba za nyumba, kwa kufuata taratibu za umoja.

Swali la mwenye nyumba ya chini, kwa nini alipie lifti asiyoipanda, linapaswa kujibiwa kwenye kanuni za umoja kabla bajeti haijaandikwa. Baadhi ya majengo humpunguzia sehemu ya umeme na matengenezo, lakini humwacha kwenye akiba kwa kuwa lifti ni mali yake pia. Kila uamuzi wa namna hiyo una bei kwa waliobaki. Katibu aiandike bei hiyo pembeni ya pendekezo na kuituma pamoja na karatasi ya kila mmiliki wiki mbili kabla ya kikao.