Fomu Zilizochukuliwa Zisirudi

Msimu wa kuandikisha wanafunzi wa kidato cha kwanza katika shule binafsi za Tanzania hufuata mtihani wa darasa la saba, unaofanyika Septemba. Fomu huanza kutolewa miezi kadhaa kabla, usaili hufuata, na masomo huanza Januari. Kipindi hicho mzazi hubadilika, na ujumbe wa shule haufai kubaki uleule.

Katikati ya mwaka mzazi bado analinganisha. Anataka kujua ada, bweni, umbali na matokeo ya mitihani, kwa hiyo ujumbe wa wakati huo utaje kiasi cha ada na awamu za kulipa. Shule inayoficha ada mpaka mzazi afike ofisini humchosha bure. Wiki ya mtihani ni ya kunyamaza. Mtihani ukiisha, mtoto yuko nyumbani, na hapo ndipo tangazo la masomo ya maandalizi ya kidato cha kwanza linapopata msikilizaji. Ujumbe wa malipo humfaa mwajiriwa mwisho wa mwezi. Mkulima hulipa akishauza mazao.

Kazi kubwa zaidi ni kumfuatilia mzazi aliyekwisha kuuliza. Daftari moja linatosha, mradi kila mstari uwe na jina la mzazi, simu, swali alilouliza, hatua aliyofikia na tarehe ya kumpigia tena. Swali ndilo huachwa mara nyingi, ilhali aliyeuliza kuhusu pumu ya mwanawe hahitaji kusomewa orodha ya michezo.

Chukua mfano wa shule yenye nafasi 80. Fomu 200 zimechukuliwa, 120 zimerudi, watoto 100 wamefaulu usaili, lakini waliolipa awamu ya kwanza ni 45. Uongozi ukitazama nafasi 35 zilizo wazi, hukimbilia kununua matangazo zaidi ya redio. Daftari linaonyesha jambo jingine: wazazi 55 ambao watoto wao wameshafaulu hawajalipa. Labda majibu ya usaili yalichukua wiki tatu na shule jirani ikawahi. Labda ada ya awamu ya kwanza ilidaiwa yote ndani ya siku saba. Simu kwa wazazi kumi hufichua sababu. Majibu yakianza kutolewa ndani ya siku mbili kwa simu ya mwalimu, pengo hilo laweza kupungua bila tangazo jipya.

Desemba huleta mtikisiko wa mwisho. Wanafunzi wakishapangiwa shule za serikali, baadhi ya wazazi huondoka, na wengine, ambao watoto wao wamepangiwa mbali, huanza kutafuta upya. Wote waliomo daftarini hupigiwa tena wiki hiyo.

Namba zenyewe zina mipaka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa za mtu, hivyo orodha ya simu za wazazi iliyochukuliwa kimyakimya kutoka shule ya msingi haifai kutumika. Mzazi akisema amepata shule nyingine, namba yake huondolewa siku hiyohiyo.