Shangazi Anatimiza 60, Umwandikie Nini?

Tumchukue kijana anayeuza vipuri vya pikipiki Kariakoo. Wazazi wake walitengana mapema, akalelewa na shangazi yake Magomeni tangu darasa la tatu. Kesho shangazi anatimiza miaka 60, na kundi la ukoo la WhatsApp limeshaanza kuchangamka. Usiku, baada ya kufunga duka, kijana anakaa na simu yake na kuandika hivi:

“Heri ya siku ya kuzaliwa shangazi yangu kipenzi, malkia wa nguvu, simba jike, mwanamke wa shoka! Siku kama ya leo miaka 60 iliyopita malaika alishuka kutoka mbinguni. Kwa kweli sina maneno ya kuelezea jinsi ninavyokupenda. Wewe ni zaidi ya shangazi, wewe ni mama, baba, rafiki, mshauri, wewe ni kila kitu kwangu. Bila wewe mimi si kitu. Mungu akupe maisha marefu, afya njema, baraka tele, mafanikio makubwa na akutimizie haja zote za moyo wako. Nakupenda sana sana sana!”

Kabla hajabonyeza kutuma, anasita. Kuna kitu hakijakaa sawa, ila hawezi kukitaja. Haongopi hata kidogo, maana huyu mama anampenda kweli. Mbona basi maneno yanamsikikia kama ya mshereheshaji aliyelipwa?

Jaribio la kwanza ni jepesi. Atoe neno “shangazi” na ile 60, aweke “bosi” au “mama mchungaji” na umri mwingine wowote, kisha asome tena. Ujumbe unasimama vilevile. Unaweza kutumwa Mwanza au Mombasa, kwa mwanamke yeyote aliyewahi kumtendea mtu wema, naye asijue kwamba haukuandikwa kwa ajili yake. Kati ya sentensi zote zile, kinachomhusu shangazi peke yake ni umri wake, na huo hata karani wa vitambulisho anaujua.

Hapa ndipo wengi hukosea dawa. Wakihisi ujumbe umepwaya, huongeza sifa. “Kipenzi” inakuwa “kipenzi changu cha moyo”, “sana” moja inazaa mbili, na mioyo myekundu inajipanga mwishoni. Lakini sifa haipati uzito kwa kurudufiwa. Ukimwita mtu malkia, simba na shoka kwa pumzi moja, msomaji haoni hata kimoja, maana hakuna aliyewahi kukutana na simba mwenye taji. Kinachokosekana katika rasimu ile ni tukio.

Tukio lenyewe lichaguliwe kwa uangalifu. “Asante kwa yote uliyonifanyia” linaonekana kuwa la shukrani, kumbe limekwepa kazi, kwa kuwa “yote” si kitu unachoweza kukiona. Hata “ulinisomesha” bado ni pana, mashangazi waliosomesha ni wengi. Kijana akijiuliza ni nini hasa alichokiona kwa macho yake, atakumbuka kwamba mwaka ule wa kidato cha pili shangazi alikuwa akiamka saa tisa usiku kukaanga vitumbua vya kuuza, na ilipofika saa kumi na moja alimwamsha mpwa wake ajisomee palepale jikoni, kwa kuwa ndipo palipokuwa na taa. Hapo pana saa, mahali na kitendo. Zaidi ya hayo, mtendaji ni shangazi. Ujumbe mwingi unaoonekana mahususi hugeuka kuwa historia ya mwandishi mwenyewe: nilivyoteseka, nilivyofaulu, nilivyofika hapa. Siku hiyo si yake.

Umahususi nao una mipaka. Kundi la ukoo lina watu arobaini, wakiwemo wakwe. Jambo linalomgusa shangazi akilisoma peke yake linaweza kumfedhehesha likisomwa na wote, kama vile deni la ada, talaka, au ule mwezi aliolazwa. Wapo pia wanawake wasiopenda umri wao utangazwe, na mpwa mwenye adabu huuliza binamu zake kwanza kabla ya kuiandika ile 60 hadharani. Wakati mwingine ujumbe haujazidi sifa hata kidogo, ila umezidi siri.

Sasa sauti. Namna nzuri ya kuipima ni kuusoma ujumbe kwa mdomo, ukimfikiria mhusika ameketi mkekani mbele yako anapepeta mchele. Ulimi utakwama penye uongo wa sauti. Kijana huyu, tangu akue, akiingia kwa shangazi husema “Shikamoo shangazi”, hupokea “Marahaba”, na maongezi yanaanza. Hajawahi kumwita simba jike. Akimwita hivyo leo, shangazi atajua kwamba maneno yameazimwa mahali, pengine kwenye zile kadi za mtandaoni zenye maua na ndege. Rasimu yake inamrukia shangazi bila hata shikamoo, na kwa mama wa miaka 60 wa Magomeni pengo hilo linasikika kuliko sifa zote zinazofuata.

Haimaanishi kwamba sifa kubwa ni unafiki siku zote. Pwani tuna mila ndefu ya kusifu kwa kupamba, na kwenye ukumbi wa taarabu mtu husifiwa hadi akatuzwa noti bila mtu kuona ajabu. Yuko shoga ambaye kila siku akikuandikia anakuita “asali wa moyo”, hata anapokuuliza bei ya vitenge. Huyo akikupamba siku ya kuzaliwa, yuko kwenye sauti yake. Kipimo basi ni umbali kati ya ujumbe wa leo na namna mnavyozungumza Jumanne ya kawaida. Anayekujibu “poa” mwaka mzima kisha akakuamkia na aya nne za mapenzi, kitu cha kwanza utakachojiuliza ni kiasi gani anataka kukopa.

Dua ni suala jingine, na naona watu huionea bure. Kuna wanaodhani kwamba kwa sababu “Mungu akupe maisha marefu” husemwa na kila mtu, basi haina moyo. Nakataa. Dua haikusudiwi kuwa mpya. Wasikilizaji wa Redio Tanzania walionunua kadi za salamu na kuzituma studio walirudia maneno yaleyale mwaka baada ya mwaka, na bado mtu akisikia jina lake limesomwa alijua kwamba kuna aliyemkumbuka hadi akatoa senti zake. Kasoro ya dua ya kijana wetu iko kwenye msururu. Maisha marefu, afya, baraka, mafanikio, haja zote za moyo: ni orodha isiyochagua. Mama wa miaka 60 mwenye magoti yanayouma anaombewa nini kabla ya vyote? Afya. Ombi moja lililochaguliwa linaonyesha kwamba mwombaji anajua hali ya anayeombewa.

Urefu nimeuacha mwisho makusudi, kwa sababu wengi huanza nao na ndio usioweza kupimwa peke yake. Kila mtu ana kigezo chake cha ujumbe mrefu, na simu pia ina chake: WhatsApp ikiona maandishi yamezidi huyakata katikati na kumtaka msomaji abonyeze ili aone yaliyobaki. Zamani mkato ulikuwa mkali zaidi. Ujumbe mfupi wa simu uliwekewa kikomo cha herufi 160, na inasimuliwa kwamba mhandisi Mjerumani Friedhelm Hillebrand, mwaka 1985, aliketi nyumbani kwake Bonn akapiga kwa taipureta sentensi za kawaida, akahesabu herufi na nafasi, akakuta karibu zote hazifiki idadi hiyo. Na ukiweka kikaragosi hata kimoja, nafasi katika ujumbe mmoja hushuka hadi herufi 70. Kizazi kilicholipia kila ujumbe kilijifunza kupima neno kabla ya kulituma.

Siku hizi hakuna wa kukukata, kwa hiyo unajikata mwenyewe. Futa sentensi moja, usome, uone kama kuna kilichopotea. Katika rasimu ya kijana, ukiondoa malaika hakipotei kitu. Ukiondoa “sina maneno” unapata faida, maana limefuatiwa na maneno mengi sana. Ukiondoa “bila wewe mimi si kitu” unamwondolea shangazi mzigo wa kuwa na kijana asiye kitu baada ya miaka yote ile ya kulea. Kinachobaki ni salamu na dua. Na hapo pana hatari ya upande wa pili: “Heri ya kuzaliwa shangazi, Mungu akubariki” hautoshi. Kwa jirani au mfanyakazi mwenzako ungetosha kabisa, na ukiongeza ungezua maswali. Kutoka kwa mtoto aliyelelewa jikoni kwake, unasomeka kama risiti. Ufupi hauthibitishi ukweli, kama ambavyo urefu hauthibitishi mapenzi.

Baada ya kufuta na kukumbuka, kijana anaandika upya:

“Shikamoo shangazi. Leo umetimiza 60, alhamdulillahi. Nimekumbuka mwaka ule wa kidato cha pili, unakaanga vitumbua usiku, ikifika saa kumi na moja unaniamsha nije nisome jikoni penye taa. Ulikuwa hunisemeshi, unanisogezea chai tu. Siku ile sikujua kushukuru. Mungu akupe afya, na magoti yapoe. Jumapili nakuja, usipike, nakuja na samaki.”

Ni mfupi kidogo kuliko wa kwanza, na hauna sifa hata moja. Hakuna anaposema shangazi ni mwema, lakini aliyesogeza chai kimyakimya amekwisha kujieleza. Sentensi ya Jumapili inafanya kazi ambayo “nakupenda sana sana sana” haikuiweza, kwa kuwa inamgharimu mwandishi kitu. Ila iandikwe tu kama nauli ipo na duka litafungwa. Ahadi hewa ni mbaya kuliko malaika. Mimi ningesita kwenye “sikujua kushukuru”, ambapo kijana anaanza kujigeukia, lakini ni maneno machache, na kwa sauti ya mtu mzima anayeongea na mlezi wake yanapita.

Vipimo hivi vyote vinapima jinsi ujumbe unavyosikika, basi. Mtu hodari wa maneno anaweza kubuni vitumbua ambavyo havikuwahi kukaangwa, na msomaji wa pembeni asijue. Mpokeaji atajua. Vilevile kuna mtu mwenye upendo mzito anayetuma kadi ya maua na ndege kwa sababu kuandika si kazi yake, na mama yake anaipokea kwa furaha akijua mwanawe alivyo. Rasimu hupimwa na mwandishi kabla ya kutuma. Kumpimia mtu ujumbe aliokwisha kukutumia ni ukorofi.

Imebaki kuamua ni wapi utumwe. Huu wa pili ni wa faragha, aupate shangazi peke yake asubuhi akishamaliza kuswali. Kwenye kundi la ukoo, baada ya binamu kumwaga malkia wao na simba wao, kijana anaweza kuweka mstari mmoja tu: “Shikamoo shangazi, hongera, Mungu akuweke. Jumapili tuonane.”