Stadi ya Tairi Ikishavutika Hairudi

Stadi ya tairi ni kijiti cha chuma kigumu kinachotokeza kwenye habu. Hupita kwenye tundu la rimu, kisha hukazwa nati. Toyota Noah, ambayo ndiyo itakayotumika hapa kuwa mfano, ina stadi tano kwa kila gurudumu, zenye unene wa milimita 12. Wengi hudhani stadi hizo hubeba gari kama msumari wa ukutani unavyobeba kalenda. Sivyo zilivyokusudiwa. Nati inapokazwa, stadi huvutwa na kurefuka kidogo mno, chini ya unene wa karatasi. Kwa kuwa chuma hicho hutaka kurudi kwenye urefu wake kama springi, huibana rimu kwenye uso wa habu. Msuguano wa nyuso hizo mbili ndio unaobeba mzigo na kuhimili breki.

Kipimo cha kukaza ambacho Toyota huelekeza kwa magari yake mengi madogo yenye stadi za unene huo ni niutoni mita 103. Mtu akishika wili spana yenye urefu wa sentimita 35 na kuikandamiza kwa uzito wa kilo 30 hivi, amekifikia. Juhudi hiyo ndogo huzaa mbano unaozidi tani nne kwenye kila stadi.

Chuma cha stadi kina kikomo chake. Kikivutwa bila kufika hapo, nati ikifunguliwa hurudi urefu wake wa awali. Kikipitishwa, hubaki kimerefuka daima, na hakuna ufundi wa kukirudisha. Kinachokipitisha mara nyingi ni bidii tu: fundi wa pancha mwenye kilo 70 huchomeka bomba la mita moja kwenye spana na kusimama kwenye ncha yake ili mteja aone kazi imefanyika. Hapo ametia karibu niutoni mita 690, zaidi ya mara sita ya kipimo. Mashine ya upepo isiyopunguzwa nguvu huleta madhara hayohayo, tena kwa haraka zaidi. Mafuta nayo yana lawama. Kipimo cha niutoni mita 103 ni cha meno makavu. Meno yakipakwa grisi, spana ileile, kwa mkono uleule, huweza kuivuta stadi kwa theluthi zaidi.

Stadi iliyovutika haikatiki siku hiyohiyo, na hapo ndipo ilipo hatari yake. Gari huondoka gereji likiwa zima machoni. Lakini mbano umepungua, rimu inaanza kucheza kwa kiasi kisichoonekana, na stadi sasa inapindwa kidogo katika kila mzunguko. Tairi ya Noah huzunguka mara 500 hivi kwa kila kilomita moja, kwa hiyo safari ya Dar es Salaam hadi Morogoro huipinda karibu mara laki moja. Ufa huanzia kwenye mfereji wa jino, aghalabu pale nati inapoanzia, na huingia ndani taratibu mpaka chuma kilichobaki kishindwe. Hata nati iliyolegea tangu mwanzo huiua stadi kwa njia hii, bila mtu yeyote kuikaza kupita kiasi.

Dalili ya kwanza huja mkononi wakati wa kukaza. Nati nzima huzidi kuwa ngumu kadiri inavyogeuzwa. Ikifika mahali ikaendelea kuzunguka bila ugumu kuongezeka, ama stadi inarefuka, ama meno yanachunika. Aliyeshika spana ndiye wa kwanza kujua, na hapo anatakiwa aache. Mistari ya kutu inayotoka chini ya nati na kuenea kwenye rimu ni ishara kwamba nati inacheza, na vivyo hivyo matundu ya rimu yaliyotanuka kuwa mviringo mrefu.

Uchunguzi wa uhakika hutaka tairi itolewe. Meno husafishwa kwa brashi ya waya, halafu nati mpya hupandishwa kwa vidole vitupu. Kwenye stadi nzima hushuka mpaka chini bila kukwama. Kwenye iliyovutika hushuka vizuri mwanzoni, kisha hukaza ghafla katikati, kwa sababu nafasi kati ya jino na jino imepanuka na haiendani tena na ya nati. Fundi asiyejua hudhani ni uchafu, akailazimisha kwa spana. Njia nyingine ni kulaza ukingo wa rula kwenye ncha za meno na kumulika tochi kwa nyuma: mwanga ukipenya mahali pamoja tu, hapo stadi imekonda.

Iliyokatika nayo isitupwe kabla ya kutazamwa. Uso laini wenye mistari ya mwezi mchanga, na sehemu ndogo yenye chengachenga upande mmoja, huonyesha ufa uliokua kwa muda mrefu. Yaani gari lilitembea nao. Uso uliosokotwa, wenye shingo iliyokonda, huonyesha stadi iliyokatwa na spana.

Tuseme Noah imefika gereji na stadi moja ya nyuma kushoto imekatika. Mwenye gari hununua moja na kuomba wakati wake usipotezwe. Lakini mbano wa tani zaidi ya 21 uliokuwa ukitoka kwenye stadi tano umeshuka hadi 17 na kitu, na zile nne zimekuwa zikibeba mzigo wa tano, kila moja robo zaidi ya fungu lake. Isitoshe, zilikazwa na mkono uleule siku ileile. Kama moja ilivutwa kupita kikomo, hakuna sababu ya kuamini zile nne zilisalimika. Mafundi wa malori wana kanuni ya kiasi: ikikatika moja, hubadilishwa pamoja na jirani zake wawili, zikikatika mbili, hubadilishwa zote. Kwenye gurudumu la stadi tano, moja na jirani zake tayari ni tatu. Kuziacha mbili za zamani ni ubahili usio na hesabu, maana kazi kubwa ni kutoa ngoma au diski ya breki, na hiyo imeshafanyika.

Stadi ya zamani husukumwa itoke kwa nyuma, bora kwa kifaa cha kukandamiza kuliko kwa nyundo inayoweza kuumiza beringi. Mpya huingizwa ikifuata mikwaruzo iliyomo kwenye tundu la habu, ikavutwa kwa nati na washa mpaka kichwa chake kikae sawasawa. Nati hiyo ya kuvutia hutupwa, na gurudumu hufungwa nati mpya. Stadi inayozunguka ndani ya tundu haiponi kwa kuchomelewa: moto huua ugumu wa chuma chake, na dawa ni habu nyingine. Nyuso za habu na rimu hukwanguliwa kutu, kwa sababu kutu ikisagika baadaye, mbano hupungua. Kisha nati hukazwa kwa kuruka, si kwa kufuatana, na humaliziwa kwa spana yenye kipimo.

Baada ya kilomita 50 hadi 100 hukaguliwa tena, gurudumu likiwa limepoa. Kugeuka kidogo mara hiyo ni kawaida. Nati ikiendelea kugeuka katika ukaguzi wa pili, tundu la rimu au habu limechakaa, na gari hilo lisitoke gereji.