Mzee anaongeza sauti ya televisheni lakini haelewi? Mpe maandishi

Saa mbili usiku, muda wa taarifa ya habari, zipo nyumba Handeni na Korogwe ambazo utasikia televisheni yake kabla hujapiga hodi. Ndani yupo babu au bibi ameshika rimoti, anaongeza sauti, kisha anauliza, “Amesema nini?” Wajukuu hudhani ni ubishi. Sivyo.

Usikivu unaopungua kwa uzee huanza kupotea kwenye sauti nyembamba. Herufi kama s, f, t, k na sh ndizo huondoka kwanza, huku a, o na u zikibaki. Mtangazaji akisema “pata”, “kata” au “taka”, mzee husikia “a-a” tu. Ndiyo maana atakuambia, “Nasikia sauti, sisikii maneno.” Ukiongeza sauti, unaongeza hizo a na o pamoja na muziki wa nyuma, lakini neno halirudi.

Chukua mfano wa mzee wa Korogwe aliyefanya kazi miaka mingi kwenye korona, kiwanda cha kuchakata mkonge. Kelele za mashine zilishaharibu sauti hizo nyembamba kabla uzee haujafika. Kwenye habari anaona mkalimani wa lugha ya alama pembeni ya skrini, lakini huyo hamsaidii, kwa sababu hajawahi kujifunza lugha hiyo. Anachojua ni kusoma. Kwake msaada ni maandishi chini ya picha.

Bonyeza kitufe cha `SUBTITLE` au `SUB` kwenye rimoti ya king’amuzi. Kisipoleta kitu, usidhani umekosea, maana maandishi huonekana tu kama kituo kimeyarusha. Mchagulie tamthilia iliyoachwa katika lugha yake na kuwekewa maandishi ya Kiswahili, badala ya ile iliyoingizwa sauti za Kiswahili. Wenye usikivu hafifu husoma midomo bila kujijua, na kwenye tamthilia ya Kituruki iliyoingizwa sauti, midomo inasema kimoja na spika inasema kingine.

Kwa taarifa ya habari isiyo na maandishi, simu ya Android inaweza kusaidia. Fungua programu ya `Live Transcribe`, chagua Kiswahili, weka simu karibu na spika ya televisheni, naye atasoma kwenye simu. Inahitaji intaneti, na hukosea palipo na muziki au watu wawili wanaozungumza pamoja. Kwa hiyo asiitegemee kwa jina la dawa au kipimo chake.

Maandishi madogo nayo ni kikwazo. Kwenye simu, ingia `Settings`, kisha `Display`, utafute `Font size`, uongeze hadi asome bila kuisogeza mbali na uso. Kwenye televisheni, sogeza kiti. Akitoka mita 3 hadi mita moja na nusu, herufi humwonekania kubwa mara mbili. Miwani ya kusomea aivue, kwa kuwa imetengenezwa kwa umbali wa kitabu na itamfifishia skrini. Herufi zikibaki na ukungu hata zikiwa kubwa, huenda ni mtoto wa jicho, ambaye hutibiwa kwa upasuaji. Mpeleke kliniki ya macho.

Kwa asiyeona lakini anasikia vizuri, msaada ni kinyume chake: anahitaji mtu wa kumweleza kinachoonekana. Vipindi vyetu vingi havina maelezo hayo. Kwenye mpira, zima sauti ya televisheni umwashie redio. Mtangazaji wa redio husema mpira uko kwa nani na upande gani, wakati yule wa televisheni anajua unaona. Lakini usimpe mzee wa korona filamu zile ambazo msimulizi huzungumza juu ya sauti za waigizaji. Kwake ni kelele juu ya kelele.

Kabla ya yote, hakikisha tatizo si nta. Simama nyuma yake umbali wa mkono mmoja, mwambie azibe sikio moja, mnong’oneze namba tatu azirudie. Fanya hivyo kila upande. Asipoweza, mpeleke kituo cha afya wamtazame ndani ya masikio. Usimwingizie pamba wala njiti, kwa sababu husukuma nta ndani zaidi.

Usisubiri kama sikio moja limeziba ghafla ndani ya siku chache, linatoa usaha, au usikivu umepungua baada ya kuanza dawa mpya. Kuziba ghafla ni dharura. Tiba ina nafasi kubwa ya kusaidia katika siku za mwanzo, kwa hiyo mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.