Lori la Saruji na Njia Mbili za Mhasibu

Tarehe 31 Desemba, saa kumi jioni, lori la tani 30 linapakiwa saruji kwenye ghala la mfanyabiashara wa jumla jijini Dar es Salaam. Ni mifuko 600. Ankara inaandikwa siku hiyohiyo na risiti ya mashine ya kodi inatolewa, lakini dereva haondoki. Lori linalala uani, mteja wa Morogoro anapokea mzigo wake tarehe 2 Januari. Tuchukulie bei ni shilingi 17,000 kwa mfuko: mauzo hayo ni shilingi milioni 10.2. Je, ni mauzo ya mwaka unaokwisha au ya mwaka unaoanza?

Swali hilo litawafikia watu wawili waliosoma shahada moja, pengine katika darasa moja. Wa kwanza aliajiriwa na kampuni ya ukaguzi wa hesabu, wa pili akaingia idara ya fedha ya mfanyabiashara huyo. Wote wanafanya mitihani ya Mei na Novemba ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, bodi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972, na wote wanataka cheti cha CPA. Ukiwaangalia wakiwa na miaka miwili kazini, mishahara yao na majina ya vyeo vyao havikwambii mengi. Namna kila mmoja anavyolishughulikia lori lile inakwambia zaidi.

Mkaguzi analiona kwa njia hii. Anakuja ghalani siku ya kuhesabu mali, anaandika namba ya hati ya mwisho ya kupeleka mzigo iliyotumika Desemba, kisha Februari anarudi ofisini kwa mteja na kuomba hati chache za siku za mwisho za Desemba na chache za mwanzo wa Januari. Kila hati anailinganisha na ankara yake. Hapo ndipo anapogundua kuwa ankara ni ya tarehe 31 na sahihi ya mpokeaji ni ya tarehe 2. Viwango vya kimataifa vya hesabu, ambavyo Tanzania imevifuata tangu Julai 2004, vinataka mauzo yaandikwe pale mteja anapopata udhibiti wa mali, na hapa aliupata alipopokea mzigo. Kwa hiyo mauzo yale ni ya Januari.

Halafu anauliza swali la pili, ambalo mgeni wa kazi hii hulisahau: je, mifuko ile 600 ilihesabiwa ghalani siku ile? Kama haikuhesabiwa, kosa kwenye faida ni tofauti tu ya bei ya kununulia na ya kuuzia. Tukisema mfuko ulinunuliwa shilingi 15,500, faida imezidishwa kwa shilingi 900,000. Lakini kama ilihesabiwa, maana yake imeuzwa kwenye vitabu huku ikiwa bado ni mali ya ghala, na faida imezidishwa kwa shilingi milioni 10.2 nzima.

Sasa anapima uzito. Wakaguzi wengi huanzia kwenye asilimia 5 ya faida kabla ya kodi, ingawa hiyo si sheria. Faida ya mfanyabiashara huyu ikiwa milioni 400, kiwango ni milioni 20. Lori letu liko chini yake. Mkaguzi analiandika kwenye orodha ya makosa, anaomba lisahihishwe, na anajiuliza kama ni bahati mbaya au ni mazoea ya meneja wa mauzo anayetafuta kufikia lengo lake la mwaka. Yakipatikana malori matatu ya namna hiyo, habari inabadilika. Likibaki hilo moja, na mteja asiporekebisha, bado anaweza kupewa hati inayoridhisha.

Mhasibu wa ndani hana nafasi ya kusema kiasi ni kidogo. Anapaswa kuhamisha mauzo kwenda Januari na kurudisha gharama ya mifuko kwenye mali ghalani. Lazima pia aangalie kamisheni ya muuzaji iliyokwisha kukokotolewa, na amweleze mwenye mali kwa nini Desemba imeshuka. Zaidi ya hayo kuna kodi ya ongezeko la thamani, na hapo mambo yanapishana: sheria ya kodi hiyo inaangalia kilichotangulia kati ya ankara, malipo na kukabidhi mali. Ankara ilitolewa Desemba. Basi kodi yake inaingia kwenye ritani ya Desemba, inayotakiwa ifikapo tarehe 20 Januari, ingawa kwenye vitabu mauzo ni ya Januari. Mhasibu anabeba majibu mawili yaliyo sahihi kwa wakati mmoja, na anatakiwa aweze kueleza tofauti yake miezi 18 baadaye ofisa wa kodi akibisha hodi.

Hapa ndipo njia zinapoachana, na si kwa sababu ya cheo. Mkaguzi anafunzwa kutafuta ushahidi, kuuandika kwenye karatasi za kazi kwa namna ambayo mtu asiyekuwepo ataielewa, na kuamua kipi ni kizito. Kwa miaka minne anaweza kuingia kwenye benki, kiwanda, shirika lisilo la kiserikali, shamba la chai. Mwenzake anajua biashara moja hadi kwenye mifupa: nani hulipa kwa kuchelewa, kwa nini umeme hupanda Machi, mishahara itapatikana wapi iwapo mteja mkubwa hajalipa. Kodi ya mishahara inasubiriwa tarehe 7 ya kila mwezi unaofuata, na kalenda hiyo haimwonei huruma aliyeugua.

Baada ya miaka mitatu hadi mitano, tofauti hii inageuka kuwa suala la milango, na milango hiyo haifunguki sawa kwa pande zote mbili. Kutoka ukaguzi kwenda uhasibu ni safari iliyozoeleka. Waajiri huwafuata wakaguzi waandamizi kwa nafasi za mhasibu mkuu, meneja wa fedha au mkaguzi wa ndani, kwa sababu tayari wamewaona wakifanya kazi mezani kwao. Kutoka uhasibu kwenda ukaguzi ni rahisi mwaka wa kwanza au wa pili tu. Baadaye kampuni ya ukaguzi inakutana na mtu mwenye mshahara wa mwandamizi ambaye hajawahi kupanga ukaguzi wala kusimamia vijana wawili katika ofisi ya mteja. Hata ajue vitabu kiasi gani, angeanza chini, na wachache wenye familia hukubali.

Kuna mlango mmoja ambao uhasibu wa ndani peke yake haufungui kabisa: kutia saini ripoti ya ukaguzi. Cheti cha CPA hakitoshi. Anayetaka kutoa maoni ya ukaguzi kwa umma lazima asajiliwe na NBAA kama mhasibu wa kujitegemea, CPA-PP, na usajili huo unadai uzoefu wa ukaguzi wenyewe. Mtu aliyekaa miaka 15 kama mkurugenzi wa fedha wa kampuni kubwa anaweza kuijua sekta yake kuliko wakaguzi wote waliomkagua, lakini hawezi kustaafu leo na kesho akafungua ofisi ya ukaguzi.

Hata safari iliyo rahisi ina masharti yake. Kanuni za maadili za kimataifa zinamtaka mkaguzi anayeanza mazungumzo ya kazi na mteja anayemkagua aijulishe kampuni yake, na kwa kawaida huondolewa kwenye ukaguzi huo. Kwa upande wa pili, mhasibu aliyehamia kwa wakaguzi wa mwajiri wake wa zamani hawezi kukagua hesabu za kipindi alichoziandika yeye. Vijana wengi hawazijui kanuni hizi mpaka zinapowakwamisha.

Na kuna kisa ambacho kila anayechagua kati ya njia hizi angepaswa kukijua. Mwaka 2002, katika kampuni ya simu ya Marekani iitwayo WorldCom, gharama za kutumia mitandao ya kampuni nyingine zilikuwa zikiondolewa kwenye matumizi na kuandikwa kama rasilimali za kudumu, ili faida ionekane. Betty Vinson, meneja katika idara ya uhasibu, alikuwa miongoni mwa walioandika maingizo hayo kwa maelekezo ya wakubwa wake. Cynthia Cooper, mkuu wa ukaguzi wa ndani katika kampuni hiyohiyo, alidai hati za kuthibitisha rasilimali hizo na hazikupatikana. Kiasi kilichotangazwa mwanzoni kilikuwa dola bilioni 3.8. Cooper akawa mmoja wa watu wa mwaka wa jarida la Time. Vinson akakiri makosa na kuhukumiwa miezi mitano jela. Hakuna anayeweza kusema Cooper alizaliwa mwadilifu kuliko Vinson. Kinachoonekana ni kwamba mmoja alikuwa na haki ya kuuliza na njia ya kupeleka jibu kwenye kamati ya bodi, na mwingine alipewa namba na tarehe ya mwisho na mtu aliyeshika ajira yake. Mhasibu wa ndani anahitaji kujua mapema atakwenda kwa nani siku atakapoambiwa aandike asichokiamini.

Ukaguzi nao una mtego wake, unaozungumzwa kidogo. Aliyekaa humo miaka 10 bila kuwa mbia anajua kukosoa mwezi uliofungwa, ila hajawahi kuufunga yeye mwenyewe. Akiajiriwa kama mkurugenzi wa fedha, atauliza maswali mazuri sana kwenye kikao cha kwanza; wiki ya tatu anagundua kuwa usuluhishi wa benki haujafanyika tangu Aprili na kwamba hakuna timu ya vijana ya kumtengenezea. Dalili ya anayeelekea huko ni rahisi kuiona: anaweza kueleza udhaifu wa mfumo wa malipo, lakini hajui ni fedha kiasi gani zitabaki benki Ijumaa ijayo.

Kwa hiyo, kwa kijana asiyejua bado anapotaka kufika, kuanzia ukaguzi ni uamuzi bora, kwa sababu unahifadhi milango yote miwili. Anayejua tayari kwamba anataka kuendesha fedha za kiwanda au benki hana haja ya kupoteza muda huko zaidi ya miaka mitatu au minne. Aondoke akiwa mwandamizi, kabla mshahara wa umeneja haujamfunga. Na wewe uliyeko idara ya fedha, unayewaza siku moja kuwa na ofisi yako ya ukaguzi, nenda NBAA ukaulize masharti ya CPA-PP mwaka huu, kabla hujapandishwa cheo tena.