Momenti shufwa za mgawanyo wa kawaida: 1, 3, 15, 105

Mgawanyo wa kawaida sanifu ni ule mchirizo wenye umbo la kengele ambao kilele chake kiko juu ya sifuri, na ambao miraba ya namba zake ina wastani wa 1. Namba ikichotwa humo kwa bahati nasibu huitwa Z. Wastani wa Z iliyopandishwa kipeo fulani ndio unaoitwa momenti: momenti ya pili ni wastani wa Z², ya nne ni wastani wa Z⁴, na kuendelea.

Momenti za vipeo witiri hazina shida. Kengele ina pande mbili zinazolingana, kwa hiyo kila namba hasi ina pacha wake chanya, na Z³ ya mmoja huifuta ya mwenzake. Zote ni sifuri. Kwenye vipeo shufwa alama hasi hupotea, hakuna kinachofutwa, na hapo ndipo hesabu inapoanza.

Mtu anaweza kuzitafuta moja moja kwa kukokotoa eneo chini ya mchirizo kwa kila kipeo. Kazi hiyo inachosha, na ipo njia ya kuzipata zote kwa mkupuo mmoja. Badala ya wastani wa Z⁴ au Z⁶, hutafutwa wastani wa e^(tZ), ambapo t ni herufi tu ya kushikilia nafasi. Kitu hicho kikifunuliwa kuwa mfululizo huwa

1 + tZ + t²Z²/2! + t³Z³/3! + t⁴Z⁴/4! + …

Alama ya mshangao ni faktoria: 4! ni 4×3×2×1, yaani 24. Wastani ukichukuliwa, kila momenti hukaa kwenye kiti chake kando ya kipeo chake cha t. Kwa sababu hiyo wastani huo huitwa fanksheni zalishi ya momenti.

Kuupata wastani wenyewe ni suala la kukamilisha mraba, kama inavyofanywa sekondari. Uzito wa mgawanyo kwenye x ni e^(−x²/2) ikigawanywa kwa √(2π). Ukizidishwa kwa e^(tx), kipeo kinakuwa tx − x²/2, ambacho ni sawa na t²/2 − (x−t)²/2. Sehemu ya pili ni kengele ileile iliyosogezwa hatua t, na eneo lake bado ni 1. Kinachobaki ni e^(t²/2).

Sasa hiki nacho kinafunuliwa:

1 + t²/2 + t⁴/8 + t⁶/48 + t⁸/384 + …

Mifululizo miwili inaeleza kitu kimoja, basi vizidishi vya kila kipeo cha t lazima vilingane. Kwenye t⁴, momenti ya nne ikigawanywa kwa 24 ni sawa na 1/8, hivyo momenti yenyewe ni 3. Kwenye t⁶, 720 ikigawanywa kwa 48 inatoa 15. Kwa jumla, momenti ya kipeo 2k ni (2k)!/(2^k·k!): 1, 3, 15, 105, 945.

Kosa la kawaida ni kusahau faktoria na kusoma 1/8 kuwa ndiyo momenti ya nne. Kosa hilo linajifichua lenyewe, maana wastani wa Z⁴ hauwezi kuwa chini ya mraba wa wastani wa Z², na mraba huo ni 1.

Namba hizi zina sura nyingine isiyotarajiwa. Watu sita wakitaka kujigawa wawili wawili kucheza bao, wa kwanza ana wenzake watano wa kuchagua. Kati ya wanne waliobaki, mmoja ana watatu. Wawili wa mwisho hawana hiari. Njia ni 5×3×1, yaani 15, sawa kabisa na momenti ya sita. Kwa watu wanne njia ni 3, kwa wanane ni 105.

Momenti ya nne, 3, hutumika kupima kama mikia ya data ni minene kuliko ya kengele. Ya sita haitumiki sana hivyo, na sababu yake inaonekana wazi. Ukichukua vipimo 100 halisi vya Z na kutafuta wastani wa Z⁶, jibu hutegemewa kuwa 15, lakini linayumba kwa kiasi cha 10 hivi. Kipimo kimoja tu cha 3 kinaleta 729, ambayo ikigawanywa kwa 100 inaongeza zaidi ya 7 kwenye wastani. Na vipimo vinavyovuka 3 au −3 ni kama vitatu tu katika kila elfu, kwa hiyo kwenye mafungu matatu kati ya manne ya vipimo 100 hakuna hata kimoja, na wastani mara nyingi hutoka chini ya 15.