Je, wajua? Pochi ya kripto hulinda ufunguo, haimlindi anayebonyeza

Kila mwenye simu Samuye, awe mnunuzi wa mpunga au broka wa dhahabu anayekwenda Kahama na Geita, tayari anatembea na kifaa kinachotumia siri bila kuitoa nje. Ndani ya chipu ya laini ya simu kuna namba ndefu ya siri ambayo mtandao hauiombi kamwe. Mtandao hutuma namba ya kubahatisha, chipu inakokotoa jibu kwa kutumia siri yake, na jibu hilo pekee ndilo linalotoka. Hata hivyo, watu wengi wamepoteza fedha kwa ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii”, na katika wizi huo chipu haikuvunjwa. Mwenye simu alituma mwenyewe. Pochi ya kifaa ya sarafu za kripto, ile inayofanana na flashi yenye kioo kidogo, imejengwa juu ya wazo hilohilo, na ninavyoona mimi, udhaifu wake mkubwa uko palepale.

Tumfuate broka mmoja wa kufikirika anayelipwa kwa USDT. Anapowasha kifaa chake kwa mara ya kwanza, kifaa chenyewe huzalisha namba ya kubahatisha, kwa kawaida ya biti 128 au 256, kisha huibadilisha kuwa maneno 12 au 24 kutoka orodha maalumu ya maneno 2,048. Funguo zote za siri hukokotolewa kutokana na maneno hayo. Yeye huyaandika kwenye karatasi akiyasoma kwenye kioo cha kifaa. Simu na kompyuta haziyaoni. Siku ya kulipa, programu iliyo kwenye simu huandaa muamala usio na saini: kiasi fulani, kwenda anwani fulani. Muamala huo unaingia kwenye kifaa kupitia waya au bluetooth, kioo kinaonyesha kiasi na anwani, naye anabonyeza kukubali. Saini inakokotolewa ndani na kutoka peke yake. Mtu yeyote anaweza kuhakiki saini hiyo, lakini hakuna njia inayojulikana ya kurudi nyuma kutoka kwenye saini hadi kwenye ufunguo. Virusi kwenye simu vinaweza kuona salio na hata kubadilisha anwani aliyoinakili, lakini haviwezi kuchukua kitu ambacho simu haijawahi kuwa nacho.

Kwa hiyo ulinzi wote unategemea kile kioo kidogo. Simu ikionyesha anwani moja na kifaa kikaonyesha nyingine, kifaa ndicho cha kuaminiwa, kwa sababu ndicho kinachotia saini. Wezi wanajua kwamba watu husoma herufi chache za mwanzo na za mwisho tu. Hutengeneza anwani inayofanana kwa herufi hizo na ile anayoilipa mhusika, kisha kutoka kwenye anwani hiyo humtumia kiasi kidogo mno cha sarafu ili ikae kwenye orodha yake ya miamala ya karibuni, wakisubiri ainakili siku ya kulipa. Akiitumia, kifaa kitatia saini bila kusita, maana hakina njia ya kujua broka alikusudia kumlipa nani.

Ushahidi mzito zaidi ulipatikana tarehe 21 Februari 2025, soko la kripto la Bybit lilipoibiwa sarafu za Ethereum takriban 401,000, thamani yake karibu dola bilioni 1.5. FBI ilisema wezi walikuwa wa Korea Kaskazini. Fedha zilikuwa kwenye pochi iliyohitaji saini za watu kadhaa, na mkurugenzi mkuu, Ben Zhou, alieleza kwamba alitia saini kwa kifaa cha Ledger. Hakuna ufunguo ulioibwa. Wezi waliingia kwanza kwenye kompyuta ya mtengenezaji programu wa Safe, mfumo ambao Bybit iliutumia kuandaa miamala, wakapandikiza msimbo kwenye tovuti yake. Watia saini waliona uhamisho wa kawaida kwenye kompyuta zao. Kilichoingia kwenye vifaa vyao kilikuwa amri ya kubadilisha programu inayoendesha pochi nzima, na kwa muamala tata kama huo kioo kidogo huonyesha mfululizo wa herufi na tarakimu ambao binadamu hausomi. Walibonyeza. Kwa maoni yangu, tukio hili linamaliza ubishi: vifaa vilifanya kazi yake bila kosa, na fedha zikaondoka.

Udhaifu wa pili ni yale maneno. Ledger hujifuta baada ya kukosea namba ya siri mara tatu, lakini karatasi haina namba ya siri. Anayeipata hahitaji kifaa. Anayaingiza maneno kwenye pochi yoyote inayokubali mfumo huo, popote duniani. Na karatasi ikiliwa na mchwa au ikiungua pamoja na nyumba, kifaa nacho kikaharibika, hakuna ofisi ya kwenda kurejesha kama unavyorejesha laini iliyopotea. Ndiyo maana wengine huyagonga maneno kwenye bamba la chuma. Chuma huzuia moto na mchwa, mwizi hakimzuii.

Asili ya kifaa nayo ni jambo la kuangalia, hasa kwa anayekinunua kupitia mikono ya watu kadhaa. Mwaka 2023 wataalamu wa Kaspersky walichunguza pochi bandia ya Trezor ambayo kwa nje ilionekana halisi. Chipu ilikuwa imebadilishwa, na badala ya kuzalisha maneno mapya ilichagua seti moja kati ya 20 ambazo wezi walikuwa nazo tayari. Mwenye nacho alipoteza bitcoin 1.33. Dalili rahisi zaidi ya kifaa cha kukwepa ni kuja kikiwa na maneno yaliyokwisha kuandikwa kwenye kadi. Katika tukio hili dalili hiyo haikuwepo, kwa hiyo nunua kwa mtengenezaji mwenyewe.

Na mtu akitishiwa maisha, hesabu yote hii inakwisha. Mei 2025 mwanzilishi wa kampuni moja ya kripto nchini Uganda alitekwa na kulazimishwa kuhamisha sarafu, na taarifa zilitaja takriban dola 500,000. Anayekubali kwa kushikiwa bunduki hutoa saini halali kabisa.

Kuna watakaouliza: kama ni hivyo, kwa nini mtu anunue kifaa hiki? Kwa sababu kinafunga mlango ambao mwizi aliye mbali angeupitia kimyakimya usiku, dhidi ya maelfu ya watu kwa pamoja. Kinamlazimisha aje kumdanganya mhusika mmoja mmoja. Wengine watasema ni afadhali kuiachia kampuni ya kubadilishia sarafu. Waliofanya hivyo FTX waligundua Novemba 2022 kwamba sarafu zao hazikuwepo. Hapa kwetu, Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza Novemba 2019 kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini, hivyo aliyepoteza asitarajie fidia kama ya amana ya benki.

Basi, kama unakitumia, usiyaandike maneno yako kwenye simu wala kuyapiga picha, na usimpe yeyote anayejiita huduma kwa wateja. Kabla ya kubonyeza, soma anwani yote kwenye kioo cha kifaa. Kioo kikikuonyesha usichokielewa, kataa muamala.